Napigiwa simu kila siku kuhusu mkopo wa 2017 ambao sijawahi kuchukua, nifanyeje?

Binti_Mtulivu
Habari za humu wakuu. Kuna kampuni ya kukusanya madeni inanipigia tangu asubuhi mpaka jioni. Wanasema nilikopa mwaka 2017 sikulipa, kwamba deni wamelinunua kwa mkopeshaji na sasa limefika elfu 94 pamoja na riba. Mwaka huo sijakopa popote. Ila majina yangu yote matatu wanayo, na tarakimu nne za mwisho za kitambulisho wananisomea. Nikiuliza mkopeshaji ni nani, wanataka kwanza niwape namba nzima na tarehe ya kuzaliwa "ili faili lifunguke". Jana kapiga mmoja mpole, anasema nitume elfu 2 tu kuonyesha nia njema, riba watafuta. Nusura nitume ili nipumue. Nasikia mtu unaweza kudai uthibitisho wa maandishi. Unadaiwa vipi, na wakileta karatasi nitajuaje kama ina maana?

Jembe_Butu
Elfu 94 usikubali kabisa. Mimi nilibanana nao mpaka wakachukua nusu kwa mkupuo. Hakikisha tu wanakupa barua kwamba deni limeisha.

Binti_Mtulivu
Mkuu, sijakopa. Nusu ya deni lisilo langu nilipie nini?

Mzee_wa_Leja
Dada, hiyo elfu 2 isitoke mfukoni. Nimekaa dawati la madeni miaka mingi kabla sijastaafu, na nakwambia malipo madogo ya namna hiyo hayatafutwi kwa ajili ya hela. Ukilipa chochote, kwenye faili inaandikwa kwamba mteja amekiri deni. Katika nchi nyingi muda wa ukomo wa kushtaki nao unaanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo, kwa hiyo deni lililokuwa limezeeka linarudi ujanani. Meseji ya "nivumilieni mwisho wa mwezi" inaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Wakipiga tena, usibishane na usithibitishe lolote. Wao ndio waliokupigia, wao ndio wajitambulishe. Chukua jina la anayeongea, jina la kampuni na namba ya kumbukumbu ya deni, mwambie "sikiri deni hili, tutaendelea kwa maandishi", kisha kata. Anwani ya kampuni itafute mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka inayotoa leseni kama ipo kwenu, siyo ile atakayokutajia yeye. Hapo ndipo matapeli wengi hupotea.

Barua iwe fupi. Maelezo ya maisha yako hayahitajiki, kila unachoongeza ni cha kuwasaidia wao:

"Mmenipigia kuhusu deni lenye kumbukumbu namba fulani. Sikiri deni hili na sina rekodi ya kulichukua. Nipeni kwa maandishi: jina la mkopeshaji wa awali, nakala ya mkataba wenye sahihi, au rekodi ya maombi kama yalifanyika kwa simu, akaunti au namba iliyopokea fedha na tarehe zilipoingia, mchanganuo wa kiasi cha awali, riba, faini na malipo yaliyofanyika, na hati inayoonyesha kwamba deni limehamishiwa kwenu. Mpaka mtakapojibu, wasilianeni nami kwa maandishi tu. Barua hii si kukiri deni."

Weka tarehe, tuma kwa njia inayoacha risiti ya kupokelewa, baki na nakala. Kama ni barua pepe, usiambatishe picha ya kitambulisho.

Wakili_wa_Kijiweni
Mnamchosha bure. Deni la zaidi ya miaka sita limekufa. Bloku namba zote, maisha yaendelee.

Mzee_wa_Leja
Umeshika nusu, kaka. Miaka inatofautiana nchi na nchi, na aina ya deni nayo inachangia. Tena mara nyingi kinachokufa ni nguvu ya kulidai mahakamani, na hoja ya ukomo ni juu yako kuiinua. Abloku namba kama kelele zimezidi, sawa. Lakini siku ikija samansi ya kweli akaipuuza, hukumu inaweza kutoka bila yeye kusikilizwa, na hapo hata deni la uongo linageuka la kweli. Samansi haipuuzwi.

Laini_Mpya
Mimi walinisumbua hivyo hivyo, kumbe laini yangu iliwahi kuwa ya mtu mwingine, kampuni ya simu ikaiuza upya. Niliwaandikia kwamba jina siyo langu wakaacha. Angalia na wewe isije ikawa ni hilo.

Binti_Mtulivu
Laini yangu nimekuwa nayo tangu nikiwa chuo, na jina wanalotaja ni langu. Barua nimetuma. Wamejibu kwa ukurasa mmoja: jedwali lenye nembo yao, jina langu, "tarehe ya mkopo 14/3/2017", mkopo elfu 30, riba na faini elfu 64, jumla elfu 94. Chini kuna namba ya simu iliyotumika kuombea, na hiyo si yangu wala siijui. Mkataba hakuna. Mpole amenipigia kusema "uthibitisho si huo umeshaupata?"

Mzee_wa_Leja
Huo ni mwangwi wao wenyewe. Anayenunua madeni kwa wingi mara nyingi hupewa faili la eksel lenye majina na viwango, nyaraka hana. Jedwali linaonyesha wanachodai, halionyeshi kwamba ulikopa.

Wamekupa zawadi moja lakini, hiyo namba ya simu. Waandikie tena kwamba namba si yako, na kwamba unasubiri ushahidi wa fedha kutoka. Hapo ndipo pa kubanana, kwa sababu sahihi inaigizwa na fomu inajazwa na yeyote, ila hela lazima ilitua mahali. Wakikuonyesha akaunti, tazama imesajiliwa kwa nani. Usishtuke ukiona iliyotoka ni elfu 27 na siyo 30, ada ya mkopo mara nyingi hukatwa mwanzoni. Mwandikie na mkopeshaji wa awali moja kwa moja akishatajwa.

Pili, omba ripoti yako kwenye taasisi ya taarifa za mikopo. Mkopo ukiwemo, pinga kwa maandishi ukiambatisha barua zote mbili. Usipokuwemo usishangilie sana, rekodi za zamani huondolewa baada ya muda.

Laini_Mpya
Mimi ningekwenda polisi leo leo. Mtu ametumia jina lake.

Mzee_wa_Leja
Ningesubiri mkopeshaji ajulikane, ili taarifa iwe na kitu cha kushika. Ingawa kuna wakopeshaji wasiofungua uchunguzi wa utambulisho ulioibiwa bila karatasi ya polisi, kwa hiyo sikulaumu.

Jembe_Butu
Na wakileta mkataba kweli, sahihi inafanana na yake?

Mzee_wa_Leja
Basi adai kuona wa asili, kivuli hakitoshi kwa mtaalamu wa mwandiko, na huyo ana gharama. Kabla ya hapo aulize nani alimpokea siku ile na kitambulisho gani kilikaguliwa.

Binti_Mtulivu
Ripoti nimeshaiomba, barua ya pili imeondoka. Kuhusu polisi bado sijaamua. Mwenye uzoefu wa kufungua taarifa bila kujua mkopeshaji ni nani, walikupokeaje?