Noti za dola zilizopigwa picha Kibirizi: tukiwa huku mbali tunaweza kuamua nini?

Mama Nyamizi, Aarhus

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Mdogo wangu anauza mawese pale Kibirizi, Kigoma, na mteja wake wa Kalemie anataka kumlipa kwa noti mbili za dola mia mia kabla boti haijaondoka. Amenitumia picha kwa WhatsApp ili niziangalie. Noti ya kwanza ni ya muundo wa zamani, ya mwaka 2006. Ameishika mbele ya dirisha na upande wa kulia naona kivuli cha sura ya mtu, tena kuna mstari wa uzi kushoto kwa picha kubwa. Noti ya pili ina utepe wa buluu, lakini ameilaza mezani na kuipiga kwa flashi, na hapo kulia sioni sura yoyote. Nimefikiri kumwambia aipokee ya kwanza na kuikataa ya pili. Naomba mawazo yenu.

Juma, Leicester

Dada, naona umefikiri vizuri. Sura ndani ya karatasi haiigiziki kwa mashine ya kawaida ya kuchapisha. Akitaka uhakika zaidi, aazime ile kalamu ya kupimia noti kwa wafanyabiashara wa pale: wino wake ukigeuka mweusi, noti ni bandia; ukibaki na rangi hafifu ya njano, noti ni nzuri na biashara iendelee.

Mzee wa Isevya, Toronto

Mama Nyamizi, marahaba. Nilikaa kaunta ya benki pale Tabora kwa miaka mingi kabla ya kuja huku, na ningekushauri usimjibu mdogo wako bado, kwa sababu noti unayoiamini ndiyo inayonitia shaka.

Nianze na ile ya buluu. Alama ya maji hutokana na karatasi yenyewe kuwa nene mahali fulani na nyembamba mahali pengine, kwa hiyo huonekana mwanga unapopita kutoka nyuma ya noti. Noti iliyolazwa mezani na kupigwa flashi haipitishi mwanga, na kutoiona sura hapo ndivyo inavyotakiwa. Ningeshtuka zaidi kama ungeiona waziwazi katika picha ya namna hiyo, maana wapo wanaoichapa sura hiyo juu ya karatasi kwa wino wa kijivu.

Sasa ile ya zamani. Nimeikuza picha kadiri nilivyoweza, na kivuli kile kina weusi kuanzia shavuni hadi kidevuni. Franklin, ambaye ndiye anayepaswa kuwamo katika noti ya mia, hana ndevu. Mwenye ndevu ni Lincoln, na sura yake ilikuwa ndani ya karatasi ya noti za dola tano zilizotangulia muundo wa 2008. Kuna watu wanaozichukua noti hizo, wanazifua kwa dawa hadi wino utoke, kisha wanachapa mia juu yake. Karatasi inabaki ya kweli, alama ya maji ya kweli na uzi wa kweli, ila vyote ni vya dola tano. Bahati mbaya uzi wa tano ya zamani ulikuwa upande uleule ulipo uzi wa mia, na ndiyo sababu mojawapo ya kuuhamishia kulia mwaka 2008, wakati ambapo sura ya Lincoln nayo iliondolewa na mahali pake pakawekwa tarakimu 5.

Juma, kalamu yako hupima kama karatasi ina wanga, kama karatasi nyingi za ofisini zilivyo. Noti iliyofuliwa haina wanga, kwa hiyo kalamu ingeipitisha bila kusita.

Hata hivyo picha hii imepunguzwa na WhatsApp na maandishi ya uzi hayasomeki, kwa hiyo sitaki kuhukumu kwa ndevu peke yake. Aipige upya, simu ikikaribia uzi, noti ikiwa mbele ya dirisha, kisha aitume kama hati badala ya picha ya kawaida ili isibanwe. Uzi wa mia unasomeka USA 100.

Salome, Oslo

Samahani kwa kuingilia. Shangazi yangu wa Nzega alipeleka noti ya mia ya mwaka 1996 kwenye duka la kubadilishia fedha ikakataliwa. Niliyemtumia ni mimi. Ina maana nilimtumia noti bandia?

Mzee wa Isevya, Toronto

Hapana, mama. Maduka mengi ya huko huzikataa noti za zamani au huzinunua kwa bei ya chini, ingawa Marekani yenyewe bado inazitambua. Aulizie katika tawi la benki.

Mama Nyamizi, Aarhus

Mzee, ameituma kama hati. Herufi ni ndogo na zimegeuka, lakini nimezisoma mara kadhaa: USA FIVE. Mteja anasema naye alilipwa noti hiyo Uvira na hakujua. Huenda ni kweli.

Ya buluu ameipiga mara mbili akiiinamisha. Katika picha moja ile 100 ya chini kulia ni ya rangi ya shaba, katika nyingine ni ya kijani. Je, hiyo imepita?

Juma, Leicester

Kwa rangi hiyo naona imepita.

Mzee wa Isevya, Toronto

Mimi bado. Tazameni mhuri wa Hazina ulio karibu na tarakimu hiyo: nao umebadilika kutoka kijani kilichoiva hadi kijani cha njano, na karatasi nzima imekuwa na rangi ya chai. Hapo simu yenyewe imerekebisha rangi baada ya mwanga kubadilika, kwa hiyo hatuwezi kujua ni kiasi gani cha badiliko kimetoka kwenye wino. Picha mbili zinafaa pale tu ambapo mhuri umebaki na rangi yake ileile na tarakimu peke yake ndiyo iliyogeuka.

Bora achukue video moja isiyokatwa, karibu na dirisha, bila flashi, akianza na namba ya noti. Aiinamishe polepole mbele na nyuma: kengele na tarakimu 100 ndani ya utepe zinapaswa kuhama kulia na kushoto. Akiiinamisha kulia na kushoto, zihame juu na chini. Utepe uliochapwa au kubandikwa haufanyi hivyo. Kisha, kabla ya kupokea, alinganishe namba ya noti anayopewa na ile ya kwenye video, kwa sababu noti hubadilishwa mkononi. Akipapase pia kitambaa cha bega la Franklin, ambapo wino unakwaruza kidole. Hilo mimi huku siwezi kumsaidia.

Salome, Oslo

Lakini kanuni zilizotoka Machi 2025 si zinakataza bidhaa za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni? Mteja abadilishe dola zake benki, amlipe kwa shilingi, na swali lote la picha linaisha.

Mama Nyamizi, Aarhus

Nimemweleza hivyo, dada. Tatizo leo ni Jumapili na boti inaondoka usiku. Yeye anasema atashusha nusu ya madumu na kumwachia mteja nusu nyingine kwa ahadi. Mimi namwambia asubiri. Video imekuja, ila kidole chake kimefunika namba ya noti, kwa hiyo nimemwomba airudie.