Besi na rova zenye redio, au rova moja kwa intaneti? Nataka kuweka vigingi vya viwanja

Mgawa_Viwanja
Wakuu, nataka kununua vifaa vya kupimia pembe za viwanja, na pesa inatoka wiki hii. Chaguo la kwanza ni jozi ya vipokezi vya setilaiti: besi inayokaa mahali pamoja na rova ninayotembea nayo, zinaongea kwa redio. La pili ni rova peke yake, inayopokea masahihisho kwa intaneti kutoka kituo cha kudumu. Muuzaji anasema zote mbili zinatoa sentimita 1. Nichukue ipi?

Bikoni_Kongwe
Hapo hujatuambia kitu, ndugu. Kituo hicho cha kudumu kiko umbali gani? Mtandao wa simu unashika eneo zima? Koodineti za pembe umezitoa wapi, na je, kuna bikoni za zamani bado zimesimama? Bila majibu hayo kila mtu atakushauri kununua alichonacho yeye.

FundiAntena
Redio, bila kufikiri mara mbili. Mtandao ukikatika rova haipati masahihisho. Umri wa masahihisho unapanda, ukipita sekunde kadhaa skrini inashuka kutoka FIX, yaani jibu la sentimita, kwenda FLOAT, yaani jibu la kukadiria, na kigingi utakachoweka hapo kinaweza kukosea nusu mita. Kwa redio unajitegemea. Ila funga antena ya redio KABLA ya kuwasha, maana ukiwasha bila antena unaweza kuunguza kipaza chake. Na ulizia kibali cha masafa kabla hujaanza kurusha.

Salome_Shambani
Mbona mnamzungusha? Mimi ninapima shamba langu kwa simu, eneo linakuja vizuri tu.

Bikoni_Kongwe
Dada Salome, kwa kukadiria ekari za kupanda inatosha. Lakini simu inakosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi. Kiwanja chenye upana wa mita 20 kikikosewa mita 4, umeshaingia kwa jirani.

Mgawa_Viwanja
Samahani wakuu, maelezo haya hapa. Viwanja 46, kila kimoja mita 20 kwa 30. Eneo lina urefu wa kilomita 1 na kidogo. Kituo cha kudumu kiko kilomita 34. Mtandao upo, ila bondeni unapotea. Koodineti ziko kwenye ramani iliyoidhinishwa, za mfumo wa ramani wa UTM. Bikoni 3 za zamani zipo, moja iko chini ya mwembe.

Bikoni_Kongwe
Sasa tunaongea. Vipokezi vingi vya aina hii huandikiwa usahihi wa milimita 8, na unaongeza milimita 1 kwa kila kilomita kati ya besi na rova. Kwa kilomita 34 umeshafika milimita 42, na hiyo ni siku nzuri. Umbali huo anga la juu juu yako si lile lililo juu ya kituo, kwa hiyo FIX inachelewa au inakuja ya uongo. Besi yako ikiwa palepale shambani, hesabu hiyo inarudi karibu na sentimita 1. Kwa hiyo jozi.

Lakini redio si tatizo lako kubwa. Tatizo ni koodineti za besi yenyewe. Rova inajua iko wapi ukilinganisha na besi, basi. Ukiiambia besi uongo, kila kigingi kinabeba uongo huohuo.

Chaki_na_Kamba
Besi si inajitafutia yenyewe wastani? Unaiwasha, unasubiri dakika 2, inaandika iko tayari.

Bikoni_Kongwe
Inajitafutia, ila wastani wa dakika 2 unaweza kukosea mita 1 au 2. Vipimo kati ya pembe na pembe vinabaki sahihi, na ndiyo maana watu hawashtuki.

Nilishaitwa kukagua kazi iliyoharibika hivyo. Besi iliwekwa juu ya alama ileile siku mbili, bila kusogezwa. Mpimaji aliacha mpangilio wa kutafuta wastani kila inapowashwa. Siku ya pili ikapata koodineti nyingine: mashariki zaidi kwa mita 1.12, kaskazini zaidi kwa mita 0.84. Besi ilipodhani imesogea huko, vigingi vyote vya siku ya pili vilitua upande wa pili, kusini magharibi, kwa mita 1.40. Ukipima kwa tepu kiwanja cha siku ya kwanza, sawa. Cha siku ya pili, sawa. Pale safu mbili zilipokutana ndipo barabara ikawa nyembamba upande mmoja. Skrini ilionyesha FIX muda wote.

Kinga yake haichukui hata dakika 5: kila ukiwasha besi, kabla ya kuweka kigingi kipya, rudi kwenye kigingi cha zamani ukipime. Kikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 2 au 3, simama utafute sababu.

Mgawa_Viwanja
Kwa hiyo niweke besi juu ya bikoni?

Bikoni_Kongwe
Ukipata bikoni ya mahali pa wazi, ndiyo: ingiza koodineti zake kwa mkono, pamoja na urefu wa antena. Mimi napenda zaidi besi ikae mahali pa wazi kabisa, juu ya alama yangu mwenyewe. Naipa wastani wa muda, napima bikoni mbili zilizo wazi kwa rova. Zote mbili zikionyesha tofauti ileile na ramani, tuseme mashariki imezidi 0.95 na kaskazini imepungua 0.40, napunguza 0.95 na kuongeza 0.40 kwenye koodineti za besi, nazifunga hapo, kisha napima bikoni upya. Tofauti zisipofanana, huenda bikoni moja imeng'olewa na kurudishwa. Tofauti ikiwa makumi au mamia ya mita, hiyo si besi; ramani inatumia datumu nyingine, yaani msingi mwingine wa koodineti.

Ile ya chini ya mwembe usiitegemee. Ukilazimika, ipime, zima upokeaji, rudi baada ya nusu saa uipime tena. FIX mbili zisizokubaliana ni FIX ya uongo.

FundiAntena
Kwenye redio za kasi ndogo usirushe kila kitu. Orodha hii ya jumbe za RTCM za masahihisho inatosha, namba ya kwenye mabano ni kila baada ya sekunde ngapi:

```
1005(10),1074(1),1084(1),1094(1),1124(1),1230(10)
```

Ukisahau 1230, setilaiti za GLONASS zinaweza zisikusaidie kupata FIX.

Chaki_na_Kamba
Bado naamini tepu. Safu ya viwanja 10 inatakiwa mita 200. Hivi vifaa vinanipa 200.08. Sentimita 8 zimetoka wapi?

Bikoni_Kongwe
Kwenye UTM, ndugu yangu. Katikati ya kanda yake, kipimo cha ramani ni 0.9996 ya kile cha ardhini. Mita 200 za ramani ni 200.08 za tepu, na nyanda za juu tofauti inaongezeka. Kwa kiwanja kimoja cha mita 30 ni sentimita 1.2 tu. Kifaa hakijakosea.

Chaki_na_Kamba
Mwenye kiwanja atapima kwa tepu, si kwa UTM. Hati ikisema 20 yeye anataka 20.

FundiAntena
Hapo Chaki ana hoja. Programu nyingi zinakuruhusu kuweka vipimo vya ardhini.

Bikoni_Kongwe
Kama ramani iliidhinishwa kwa koodineti za UTM, usizibadilishe shambani. Muulize mpimaji aliyeisaini. Na fito ya rova ikaguliwe pimamaji yake: ya mita 2 ikiinama nyuzi 1 tu, ncha inakosea sentimita 3.5. Izungushe nusu duara ikiwa imesimama; kiputo kikihama, irekebishwe.

Mgawa_Viwanja
Nimeelewa. Naegemea jozi. Ila bondeni, redio itapita kilima?

FundiAntena
Inategemea kilima. Weka besi juu yake kama kuna anga wazi.

Salome_Shambani
Na mimi nikitaka kuweka uzio, rova ya kukodi inapatikana?