Msaada: nataka kufuta CV za waombaji wote zisibaki popote

MratibuWaKatikati
Habari za humu wakuu. Niko kwenye shirika dogo, tuko watu saba, na mambo yote ya ajira yanaishia mezani kwangu. Mwaka jana tulitangaza nafasi moja, wakaomba watu kama 140. CV zilikuja kwa barua pepe, tukazihifadhi kwenye folda ya Google Drive, nyingine zikapita kwenye kundi la WhatsApp la wasaili. Watu walituma kila kitu: vyeti, vitambulisho, picha, namba za wadhamini. Aliyepata kazi alishaanza zamani. Nataka kufuta zote, na wiki hii isiishe kabla sijamaliza. Njia ya uhakika ni ipi? Nawasilisha.

FundiWaya
Mbona rahisi. Ziteue zote, bonyeza Shift+Delete, hazipiti hata Recycle Bin. Ukiwa na wasiwasi piga fomati kompyuta. Umemaliza.

KabatiLaChuma
Fundi, hizo hazipo kwenye kompyuta yake, ziko Drive. Mleta mada, kabla hujafuta chochote fungua hiyo folda uangalie mambo mawili. Kwanza linki. Kama imeandikwa Anyone with the link, ibadilishe iwe Restricted sasa hivi, maana kila aliyewahi kutumiwa hiyo linki bado anaingia. Pili angalia palipoandikwa Owner. Faili la Drive lina mwenyewe, naye kwa kawaida ni aliyelipakia. Kama si wewe, ukilifuta linaondoka machoni pako tu, kwake lipo palepale.

MamaWawili
Mimi niliomba kazi mahali, hata usaili sikuitwa. Baadaye napigiwa simu na mtu ananitajia chuo nilichosoma, mwaka niliomaliza na jina la mdhamini wangu, eti nimepita, nitume hela ya vipimo vya afya. Namba ya kitambulisho anayo! Niliacha kushangaa nikaanza kuogopa. Hebu niambie, nafasi moja, vitambulisho vya watu 140 mlivitaka vya nini?

MratibuWaKatikati
Dada, tangazo tulilikopi kutoka la zamani, ndivyo lilivyokuwa. Kitambulisho tulikuja kukihitaji kwa yule mmoja tu aliyeajiriwa.
@KabatiLaChuma nimeangalia. Mafaili mengi mwenyewe ni kijana aliyekuwa anajitolea kwetu, na ni akaunti yake binafsi. Alishaondoka.

KabatiLaChuma
Sawa, hilo linatatulika. Lakini CV zimekaa zaidi ya mwaka hazikukunyima usingizi. Kwa nini wiki hii?

MzeeKigogo
Nami nilitaka kuuliza hivyohivyo. Mtu hafagii uwanja usiku wa manane bila sababu 😂

MratibuWaKatikati
Hakuna kikubwa. Kuna mwombaji mmoja aliyekosa ameandika, anataka apewe taarifa zake zote tulizonazo, pamoja na alama na maoni ya wasaili. Sasa kwenye jedwali la alama, msaili mmoja aliandika mbele ya jina lake "ana mtoto mchanga, safari hataziweza". Sikuandika mimi. Na kwa utaratibu wetu CV zilitakiwa zifutwe baada ya miezi sita, kwa hiyo nikifuta leo natekeleza utaratibu tu. Nikimjibu kwamba hatuna tena kumbukumbu zake nitakuwa nimesema kweli.

Sijaamini
Hii chai. Mwanzo palikuwa na CV tu. Mara kaja kijana wa kujitolea, mara msaili, mara mama mwenye mtoto mchanga. Kila akibanwa anaongeza mhusika. Halafu watu wenye utaratibu wa miezi sita ndio wa kukopi tangazo? Mimi nadhani huyu ndiye mwombaji mwenyewe, anapima tutamshaurije mwajiri.

FundiWaya
Au ndiye msaili aliyeandika hayo maoni 😂 "Sikuandika mimi", nani alimuuliza?

MratibuWaKatikati
Sina haja ya kutunga. Mkurugenzi ameshasema zifutwe kabla ya Ijumaa. Nimekuja kuuliza namna ya kufuta, sikuja kuhukumiwa.

KabatiLaChuma
Awe nani, jibu halibadiliki. Ombi likishafika, faili la huyo mtu haliguswi, hata kama muda wake wa kufutwa ulishapita. Nchi nyingi zenye sheria ya data binafsi zinampa mtu haki ya kuona kilichoandikwa juu yake, na maoni ya msaili yanahesabiwa humo. Ukifuta ili asione, umebeba kosa la pili, na huenda likawa zito kuliko maoni yenyewe.

Wala hutaficha. Kilichofutwa kwenye Drive kinakaa Trash siku 30 kama hakuna aliyeimwaga, na jedwali lina Version history inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini. Barua yake ina tarehe. Atakayekagua anaziweka pamoja tu.

Leo tenga CV yake, barua yake ya maombi, maelezo ya usaili na jedwali zima la alama, uviweke kwenye folda ya watu wawili tu. Wakati wa kumpa, toa mstari wake, majina ya wenzake yafunike. Na mkurugenzi aone barua ya ombi kwa macho yake, maana nahisi ameambiwa "tufute CV za zamani" akaitikia.

MamaWawili
Na sisi wengine 139?

KabatiLaChuma
Hao wafutwe. Yule kijana aombwe afute kwake, amwage na Trash, kisha aandike kuthibitisha. Kwenye barua pepe watu husafisha kikasha cha zinazoingia wakasahau zile walizowatumia wasaili. Kwenye Gmail zitafute hivi:

```
in:sent has:attachment filename:pdf
```

Badala ya pdf weka docx urudie, na kwenye kikasha cha kila msaili fanya vivyo hivyo. WhatsApp ndiyo kisirani: kuvunja kundi hakufuti PDF zilizoshuka kwenye simu, kila msaili afute kwake. Mwisho andika tarehe, nafasi iliyotangazwa, idadi iliyofutwa na aliyefuta. Majina usiyaandike, utakuwa umetengeneza orodha ileile uliyotoka kuifuta.

Ila CV za waliofika usaili ningeziacha kwanza. Huyo mama akilalamika kwamba alibaguliwa, patatakiwa kulinganishwa alama zake na za wenzake, na wewe hutakuwa na cha kulinganisha.

MamaWawili
Yaani waliosailiwa taarifa zao ziendelee kukaa kwa sababu ya ugomvi usiowahusu?

KabatiLaChuma
CV na alama zao, ndiyo, mpaka hilo liishe. Vitambulisho, picha na vyeti vyao vifutwe leo, havilinganishi chochote.

MamaWawili
Bado sikubali. Waandikiwe basi, wajue zimebaki na kwa nini.

MzeeKigogo
Wakiandikiwa si watakuja nao kuomba kuona maoni yao?

MamaWawili
Waje!

MratibuWaKatikati
Linki nimeifunga, ilikuwa wazi kweli. Ya huyo mama nimeyatenga, lakini sijasema nitampa, hilo ni la mkurugenzi. Kijana naye nimemwandikia, amejibu kwamba atafuta akishapewa barua yake ya kuthibitisha kwamba alijitolea kwetu. Anasema aliiomba alipoondoka akawa anazungushwa.

Sijaamini
Sasa na kijana naye kapewa kisa chake.

KabatiLaChuma
Mpe barua yake leo, ilikuwa haki yake tangu siku ile. Na usiandike ndani yake kwamba ni kwa sababu ya mafaili.