Naomba ushauri: kurisiti ruta nikiwa na bakapu

Habari zenu wakuu. Nimesahau nywila ya kuingia kwenye ruta ya stesheneri yangu, 192.168.0.1. Nimejaribu admin/admin na ile ya kwenye stika, zote zimegoma.

Nikibonyeza kitundu cha RESET kwa pini sekunde 10 nitaingia, ila jina la waifai, nywila zote na akaunti ya PPPoE vitafutika. Karatasi ya PPPoE imepotea (panya au mimi, sijui). Ninayo bakapu, config.bin, niliyoihifadhi baada ya kuweka nywila hii niliyoisahau. Nimeifungua kwa Notepad, naona takataka tupu.

Je, nikiirudisha, nywila hiyo nayo itarudi nifungiwe nje tena? Na kuna njia ya kusoma PPPoE ndani ya faili kabla sijabonyeza?