Mechi mbili kwenye tivii moja bandani: ninunue kifaa gani?

MamaBanda_Makorora

Habari za jioni wakuu. Nina banda la kuonyesha mpira huku Makorora, Tanga. Tivii ni moja, inchi 55, na ving'amuzi ni viwili vya kampuni moja, kila kimoja nakilipia kifurushi chake. Shida yangu ni mzunguko wa mwisho wa Ligi Kuu, ambapo mechi zote zinapigwa kwa wakati mmoja. Hapo ndipo banda linapogeuka baraza la mabishano: wa Simba wanataka Simba, wa Yanga wanataka Yanga, na wazee wa Coastal hawataki kusikia habari ya mtu yeyote. Wakati mwingine wanabishana mpaka bao linaingia bila mtu kuliona.

Kwenye menyu ya tivii kuna sehemu imeandikwa Multi View. Nikiifungua, skrini inagawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unakubali HDMI 1. Upande wa pili nikitafuta HDMI 2 siioni, naletewa YouTube na kuunganisha simu tu. Fundi wa jirani kaniambia dawa yake ni HDMI Splitter. Kabla sijatoa hela nauliza: inawezekana kweli, na ninunue nini?

Mgosi_Damu

Bi mkubwa, inawezekana bila kununua kitu. Nyumbani tulikuwa na tivii ya kichogo, rimoti yake ina kitufe cha PIP. Unabonyeza, picha ndogo inatokea kwenye kona. Kama ya zamani iliweza, ya kisasa itashindwaje? Kitufe kipo, kitafute vizuri.

Chuda_Kwetu

HDMI Splitter nzuri sana dada, mimi ninayo. King'amuzi kiko sebuleni, nimevuta waya mpaka chumbani, tivii zote mbili zinaonyesha. Nunua usiogope.

FundiMawimbi

Chuda, wewe una king'amuzi kimoja na tivii mbili. Yeye ana ving'amuzi viwili na tivii moja. Splitter inachukua picha moja na kuitoa kwenye tivii nyingi, kwa hiyo kwake haina kazi. Kuna kifaa kingine kinafanana nayo kwa umbo, kimeandikwa HDMI Switch. Hicho kinapokea vyanzo viwili au vitatu lakini kinaonyesha kimoja kimoja, ukibonyeza kinaruka kwenda kingine. Dada, hicho nacho usipewe. Unachotaka kimeandikwa HDMI Multiviewer, na nyuma kina matundu kadhaa ya kuingizia, mara nyingi manne, na moja la kutolea. Kinakusanya picha kutoka ving'amuzi vyote na kuzichora upya kuwa picha moja. Tivii yako haitajua kama kuna ving'amuzi viwili. Yenyewe inaona HDMI moja basi.

Mgosi, hiyo ya kichogo nimewahi kuitengeneza. Ilikuwa inachukua picha moja kutoka kwenye antena, kwa kipokezi chake cha ndani, na ya pili kutoka kwenye matundu ya AV. Hizo ni njia mbili tofauti ndani ya tivii. Kitufe kipo au hakipo, kwenye tivii nyingi za sasa Multi View imepangwa iwe HDMI upande mmoja, na apu au simu upande wa pili. Zipo chache za bei ya juu zinazokubali HDMI mbili, ila ya dada imeshajieleza yenyewe: HDMI 2 haimo kwenye orodha. Hakuna mpangilio wa kuilazimisha.

Pongwe_Boy

Sasa si amesema inakubali simu? Aweke king'amuzi HDMI 1, mechi ya pili aifungue kwenye apu ya simu airushe kwenye tivii. Shilingi haitoki.

FundiMawimbi

Wazo si baya na anaweza kulijaribu leo leo. Ila apu nyingi za mpira wa kulipia zimefungwa. Ukirusha skrini ya simu, sauti inakuja na picha inabaki nyeusi. Hata ikikubali, mechi ya intaneti huwa nyuma ya ile ya dishi kwa sekunde nyingi. Banda la jirani likipiga kelele za bao, wateja wake wanaambiwa matokeo kabla ya shuti.

Laptopu_Mbovu

Njia ya kitaalamu ni laptopu na vile vifaa vya kunasia HDMI vya USB. Chukua viwili, fungua programu ya OBS, panga picha unavyotaka, ukubwa unavyotaka, hata nembo ya banda unaweka. Mimi hurekodi harusi hivyo.

FundiMawimbi

Kamera ya harusi haina kufuli, mkuu. King'amuzi kinatoa picha yenye kinga ya HDCP, na kinasio cha kawaida kikikutana nayo kinatoa giza. OBS yenyewe haina kosa, na upangaji wake ni mzuri kuliko wa Multiviewer yoyote, lakini hapa hautamfikisha.

Na hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia hata kwenye Multiviewer. Kwenye boksi au karatasi yake lazima paandikwe kwamba inapokea HDCP. Usiridhike na maandishi: dada, beba king'amuzi chako na waya wake uende nacho dukani. Muuzaji akichomeka laptopu yake kukuonyesha kwamba kifaa kinafanya kazi, hajakuonyesha kitu, kwa sababu picha ya kawaida ya laptopu haina kufuli. Laptopu ikionekana halafu king'amuzi kikatoa giza au chenga, ujue tatizo ni hiyo kinga, wala si waya. Rudisha palepale.

MamaBanda_Makorora

Asante sana fundi. Hiyo ya kubeba king'amuzi dukani nimeikamata. Nimejaribu ya Pongwe_Boy sasa hivi kwa simu ya mwanangu: sauti ipo, picha giza, umesema kweli. Maswali yangu: picha zitakuwa kubwa kiasi gani? Na sauti itakuwaje, zote mbili zitalia?

FundiMawimbi

Hapo kwenye ukubwa ndipo ningependa ufikirie kabla ya hela. Tivii ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122. Ukigawa katikati, kila mechi inapata sentimita 61. Picha ya mpira ni pana, kwa hiyo ikibanwa kwenye upana huo urefu wake unashuka mpaka kama sentimita 34, na juu na chini panabaki weusi mtupu. Kila mechi inakuwa sawa na tivii ya inchi 27 na nusu. Benchi la mbele watafurahi. Wa benchi la mwisho hawatasoma dakika wala matokeo pale juu kwenye kona.

Vifaa vingine vina mpangilio wa kunyoosha picha ijaze urefu wote. Usiutumie, wachezaji wanarefuka kama milingoti ya majahazi na watu watalalamika. Bora mpangilio wa picha kubwa moja na ndogo pembeni au kwenye kona: mechi yenye wateja wengi iwe kubwa, nyingine ndogo, likiingia bao unabadilishana kwa rimoti ya kifaa.

Kwa kuwa kila picha inapunguzwa, ving'amuzi vyote viwili viweke 720p kwenye menyu zao. Nusu ya skrini ya 1080p inabeba nukta 960 kwa 540 tu, na 720p ina nukta 1280 kwa 720, kwa hiyo hupotezi kitu. Faida yake ni kwamba Multiviewer za bei nafuu hupata shida na 1080i, picha inachezacheza au mistari inakatika kamera ikikimbia na mpira.

Sauti itatoka moja, ile unayoichagua. Ukitaka ya pili, king'amuzi kina matundu ya AV. Vuta waya wa sauti kutoka tundu jekundu na jeupe uupeleke kwenye redio yenye spika ndogo, redio uiweke upande wanaokaa watu wa mechi hiyo. Ila watangazaji wawili kwenye banda moja la mabati, mimi nisingekaa.

Mgosi_Damu

Kwa hesabu hiyo ya inchi 27 na nusu, si bora atafute tivii mbili za inchi 32 za mtumba? Kila mechi inapata kubwa zaidi, na hakuna kifaa cha kubeba dukani.

FundiMawimbi

Mgosi, hapo umenena. Kwa mechi mbili za ukubwa sawa, hata tivii moja ya inchi 32 pembeni ya hiyo 55 inaishinda Multiviewer, na HDCP haikuhusu tena. Multiviewer inashinda pale ukuta ni mdogo, au unapotaka mechi tatu nne kwa wakati mmoja.

MamaBanda_Makorora

Ukuta wangu una dirisha upande mmoja na mlango upande mwingine, ya pili itakaa juu ya vichwa vya watu. Bado napima. Lingine, ving'amuzi vyangu ni vya dishi, dishi ni moja.

FundiMawimbi

Tazama LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, ina matundu mangapi ya waya. Likiwa moja, na waya umegawanywa kwa kile kigawanyio kidogo, ving'amuzi vitagombana. Kila king'amuzi hutuma volti 13 au 18 kuiambia LNB ichukue mawimbi ya wima au ya mlalo, na LNB ya tundu moja haiwezi kufanya yote mawili pamoja. Dalili yake: kila king'amuzi kikiwa peke yake kiko sawa, lakini ukibadilisha chaneli kwenye kimoja, kingine kinaandika hakuna mawimbi. Weka LNB ya matundu mawili na waya mbili kamili kutoka juu mpaka chini.

Pia kwa kuwa ni vya kampuni moja, rimoti moja itabadilisha vyote viwili kwa mpigo. Bandika gundi nyeusi ya umeme kwenye jicho la kimoja. Ukitaka kukibadilisha chenyewe, ibandue kidogo na uzibe jicho la mwenzake.

Chuda_Kwetu

Kumbe! Mimi jirani yangu akibadilisha chaneli yake kwa dirishani, yangu inaruka. Nilidhani majini.

Pongwe_Boy

Kifurushi cha nyumbani kinaruhusiwa kuonyeshwa bandani lakini? Nasikia kuna cha biashara.

Mgosi_Damu

Fungulia uzi wake hiyo, hapa tutafungwa.

MamaBanda_Makorora

Nimepanda kuangalia: LNB ina tundu moja, na kigawanyio kipo vilevile ulivyosema. Nitaanza na LNB maana hiyo nitaihitaji hata nikinunua tivii ya pili. Kuna duka barabara ya kumi na mbili wamekubali nije na king'amuzi Jumamosi kujaribu Multiviewer yao. Wanasema ya matundu manne wanayo, ya mawili hawana.

FundiMawimbi

Ya manne inafaa, mawili yatabaki matupu. Muulize kama ina mpangilio wa picha kubwa na ndogo, maana nyingine zinajua kugawa robo robo tu, na ukiwa na mechi mbili nusu ya skrini inabaki giza.