Tupeane uzoefu: ROC ilipokata sifuri, ulifanya nini?

Mleta uzi: Wakuu, naanza na yangu ya 2024. XAUUSD, chati ya siku, ROC ya 12, yaani asilimia ambayo bei imepanda au kushuka tangu mishumaa 12 nyuma. Dhahabu ilikuwa imelala kwenye 2,400. Mstari ukakata sifuri kwenda chini, nikauza, nikala hasara. Usiku nikakaa na daftari nikahesabu kwa mkono. Siku moja kabla, bei ya siku 12 nyuma ilikuwa 2,385, kwa hiyo ROC ilisoma 0.6. Kesho yake 2,385 ikatoka kwenye hesabu, ikaingia 2,412, ROC ikawa -0.5. Bei ilikuwa ileile! Kilichobadilika ni siku ya zamani. Tangu hapo, kabla sijauamini mkato, nahesabu mishumaa 12 kurudi nyuma nione nini kinatoka.

Mchangiaji wa pili: Weka 50 badala ya 12, tatizo limekwisha.

Mchangiaji wa tatu: Linapungua, mkuu, haliishi. Hata kwenye 50 kuna mshumaa unaotoka kila siku. Mikato itakuwa michache, ila utaingia umechelewa.

Mchangiaji wa nne: Mimi natumia Momentum ya MetaTrader, miezi miwili sijaona ikikata sifuri hata mara moja. Broka ananichezea?

Mchangiaji wa tatu: Hapana ndugu yangu. Ile inagawanya bei ya leo kwa ya zamani kisha inazidisha kwa 100. Sifuri yako ni 100, chora mstari hapo.

Mchangiaji wa tano: Nami nitoe langu la kulinganisha. Nilikuta bitcoin ROC ya 20 ni 9, EURUSD ni 2.5, nikakimbilia bitcoin. Baadaye nikagawanya kila moja kwa mwendo wake wa kawaida wa siku. Bitcoin kama asilimia 3, jibu 3. EURUSD nusu asilimia, jibu 5. Aliyekuwa anakimbia kuliko kawaida yake ni EURUSD. Halafu bitcoin haina wikendi: mishumaa 20 kwake ni siku 20, kwa EURUSD ni wiki nne kamili. Sasa nalinganisha kwa tarehe.

Mchangiaji wa sita: Samahani, mimi ni wa hisa za DSE. Yangu ROC inakaa sifuri kabisa siku nyingi. Ninunue?

Mchangiaji wa tatu: Dada, hiyo ni bei isiyosogea kwa sababu biashara ni chache. Hapo hakuna mkato wa kusoma. Na ukiona imeshuka chini ya sifuri, angalia kwanza kama ni siku hisa ilipoanza kuuzwa bila gawio.

Mleta uzi: Wa tano, nakubali hoja ya tarehe, ila kugawanya bado kunanisumbua. Ukiingia kwa ukubwa uleule wa pesa, si asilimia 9 ndiyo inayoingia mfukoni?

Mchangiaji wa tano: Kwa pesa ileile, ndiyo. Mimi napunguza pesa kwenye kinachoruka sana, ndiyo maana nagawanya. Wengine mnafanyaje?