Mrejesho: fremu 138 kwenye monita ya Hz 144

Niliuliza: "VRR nimewasha, monita ni ya Hz 144, gemu linafika fremu 144. Mbona picha bado inakatika katikati nikigeuka haraka, na nikiwasha V-Sync kipanya kinakuwa kizito?"

Wakuu, limeisha. Nimeweka kikomo cha fremu 138 ndani ya gemu lenyewe, VRR na V-Sync zote nimeziacha zimewashwa. Picha haikatiki tena, na kipanya kinaitika papo hapo.

Kosa langu lilikuwa kuweka kikomo 144 kamili. Monita hii haiwezi kuchora upya kabla ya milisekunde 6.94 kupita, lakini fremu hazitoki kwa vipimo sawa. Nyingine huwahi kidogo. Ikiwahi, VRR haina la kufanya: bila V-Sync picha inakatika, na ukiiwasha fremu zinapanga foleni, ndiyo ule uzito. Kwa 138 kila fremu hupewa kama milisekunde 7.25, hivyo hata inayowahi kidogo huikuta monita tayari.

Mwanzoni nilijaribu 143, bado uzito ulirudi mara kwa mara. Nafasi ya fremu moja ni finyu mno.